Kutoka Vistari na Vipau hadi Lahajedwali: Ushauri kwa Mtunza Hesabu za Ploti

Tuchukue ploti ya kupangisha mtaani Munyaka, Eldoret, upande wa barabara ya Iten. Ina vyumba vitano, vitatu chini na viwili ghorofani, na kila chumba kina mita yake ndogo ya maji. Mtunza ploti huandika hesabu za kila mwezi kwenye programu ya Notepad. Huchora jedwali kwa vistari na vipau, kisha humtumia mwenye ploti kwa WhatsApp. Njia hii ina sababu zake. Faili la maandishi matupu hufunguka kwenye kompyuta yoyote ya saiba, halina uzito, na mtu hulisoma bila kununua programu. Shida huanza mwenye ploti anapouliza maswali yanayohitaji hesabu: nani ana deni tangu Januari, maji yameingiza shilingi ngapi, kodi ya mwaka mzima ni kiasi gani. Jedwali la vistari halina jibu, maana kwa kompyuta hilo si jedwali. Ni mistari ya herufi tu, na jicho la msomaji ndilo linaloona safu.

Makala haya yanaeleza namna ya kulihamishia jedwali hilo kwenye lahajedwali ya kweli, iwe Excel au LibreOffice Calc. Kugawanya safu ni kazi ya dakika chache. Kinachoharibu hesabu ni tabia ya programu kukisia. Kila inapopokea maandishi, lahajedwali hujiuliza kama hii ni tarehe, namba au neno, kisha hujijibu yenyewe bila kukuuliza. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyo hapa chini ina lengo moja: uiambie programu kila safu ni kitu gani kabla haijakisia.

Jedwali letu

Hili hapa jedwali la Mei 2024, la mfano, lenye mitego yote ambayo majedwali ya aina hii huwa nayo:

```
Kodi Mei 2024
+------+-----+-------+-----+--------+----------+---------------+
|Chumba|Mita |Kodi   |Maji |Lipwa   |Tarehe    |Maelezo        |
+------+-----+-------+-----+--------+----------+---------------+
| 1-1  |00417|4,500/=| 300 | 4,800/=|03/05/2024|               |
| 1-2  |00418|4,500/=| 450 | 3,000/=|05/05/2024|salio atalipa  |
|      |     |       |     |        |          |mwisho wa mwezi|
| 1-3  |00419|4,500/=| -   | 4,500/=|13/05/2024|mita mbovu     |
| 2-1  |00420|5,000/=| 250 | 5,250/=|02/05/2024|               |
| 2-2  |00421|5,000/=| 600 | -      | -        |amesafiri      |
+------+-----+-------+-----+--------+----------+---------------+
|JUMLA |     |23,500 |1,600|17,550  |          |               |
+------+-----+-------+-----+--------+----------+---------------+
```

Ukilibandika hivi lilivyo ndani ya Excel, kila mstari utaingia mzima kwenye safu A. Mistari inayoanza kwa alama ya kujumlisha au kistari italeta vurugu zaidi, kwa sababu Excel huzichukulia alama hizo mwanzoni mwa seli kuwa mwanzo wa fomula. Ama italalamika kwamba fomula ina kasoro, ama itaandika `#NAME?`. Ndiyo maana usafi hufanywa kwanza kwenye Notepad, ambako herufi hubaki herufi.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala ya faili la awali na usiifanyie kazi. Kisha andika pembeni, kwenye karatasi, namba za mstari wa JUMLA: 23,500 za kodi, 1,600 za maji na 17,550 zilizolipwa. Andika pia kwamba vyumba ni vitano. Namba hizi ndizo zitakazokuambia baadaye kama kuna kilichopotea njiani.

Usafi ndani ya Notepad

Futa kichwa cha juu, mistari yote ya vistari, na mstari wa JUMLA wenyewe. Mstari wa JUMLA hauingii kwenye lahajedwali kamwe. Ukiuacha humo, siku utakapojumlisha safu utahesabu kila shilingi mara mbili, na siku utakapopanga mistari upya utaukuta katikati ya vyumba kana kwamba ni mpangaji mwingine.

Kama una mwezi mmoja tu, futa kwa mkono. Kama una mafaili ya mwaka mzima, tumia Notepad++, ambayo ni ya bure. Fungua dirisha la `Replace`, chagua `Regular expression`, andika mchoro huu kwenye `Find what`, kisha uache `Replace with` ikiwa tupu:

```
^[-+| ]+(\R|$)
```

Maana yake ni mstari wowote wenye vistari, alama za kujumlisha, vipau na nafasi peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho wa mstari. Mstari wenye herufi au tarakimu hata moja hauguswi, kwa hiyo kichwa cha juu na JUMLA utavifuta kwa mkono.

Pili, ondoa nafasi zinazozunguka vipau. Nafasi hizo zilimsaidia mchoraji kunyoosha safu, lakini ndani ya lahajedwali zitaifanya "1-1" yenye nafasi mbele iwe tofauti na "1-1" isiyo nayo, na siku ukitafuta chumba hicho hutakipata. Kwenye Notepad++ tafuta mchoro huu na uweke kipau kimoja badala yake:

```
 *\| *
```

Kuna nafasi moja mbele ya nyota ya kwanza na nyingine kabla ya ile ya mwisho. Kwenye Notepad ya kawaida, badilisha "nafasi na kipau" kuwa kipau, kisha "kipau na nafasi" kuwa kipau, ukirudia hadi programu iseme hakuna tena. Jedwali litapoteza umbo lake na kuonekana limevurugika. Usijali, umbo hilo lilikuwa la macho tu.

Tatu, shughulikia ile alama ya shilingi tuliyoizoea madukani. Kwa lahajedwali, "4,500/=" ni neno, si namba. Badilisha "/=" kuwa kitu tupu. Ni salama, kwa kuwa alama hiyo haitumiki kwingine kokote katika jedwali hili. Usiondoe koma za maelfu kwa njia hiyohiyo, kwani utafuta pia koma zilizo ndani ya Maelezo. Kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Kenya, Uingereza au Marekani husoma 4,500 kuwa elfu nne na mia tano bila taabu.

Nne, badilisha vistari vilivyo peke yao ndani ya seli. Kama uko kwenye Notepad++, rudi kwanza kwenye `Normal` badala ya `Regular expression`. Tafuta "|-|" na uweke "||". Bonyeza `Replace All` mara mbili, kwa sababu kwenye chumba 2-2 vistari viwili vimefuatana na kipau kimoja kinatumika na vyote viwili, hivyo mara ya kwanza kistari cha pili hurukwa. Kwa njia hii vistari vya namba za vyumba vinabaki salama. Anayesubiri hadi afike Excel kisha aseme "badilisha kistari kuwa tupu" bila kutia alama kwenye `Match entire cell contents` atakuta chumba 1-1 kimegeuka 11 na 2-1 kimegeuka 21.

Mstari usio na mwenyewe

Tazama tena chumba 1-2. Maelezo yake yalikuwa marefu, mchoraji akayakata na kuyaendeleza mstari wa chini. Jicho linaelewa mara moja kwamba "mwisho wa mwezi" ni mwendelezo wa "salio atalipa". Kompyuta inaona chumba cha sita kisicho na namba, mita wala kodi.

Tiba yake ni kuunganisha maneno hayo na mstari wa juu ukiwa bado kwenye Notepad, na kufuta mabaki:

```
|1-2|00418|4,500|450|3,000|05/05/2024|salio atalipa mwisho wa mwezi|
```

Kama mistari ya aina hii ni mingi na umeamua kuishughulikia ndani ya lahajedwali, kuna jambo moja usilifanye: usipange mistari kwa chumba, kodi au tarehe kabla hujamaliza kuunganisha. Mpango wowote utazipeleka seli tupu chini kabisa ya jedwali, na hapo "mwisho wa mwezi" itakuwa mbali na mwenyewe. Ukiwa na wapangaji watano utakumbuka ilikuwa ya nani. Ukiwa na hamsini hutakumbuka, na ni lile faili la awali tu litakalokuokoa.

Hesabu vipau kabla ya kukata

Sasa nakili mistari sita iliyobaki, yaani vichwa vya safu na vyumba vitano, uibandike kwenye seli A1 ya karatasi tupu ya Excel. Kabla ya kuikata, hakikisha kila mstari una vipau sawa. Jedwali la safu saba lenye kipau mwanzoni na mwishoni lazima liwe na vipau vinane kila mstari. Andika fomula hii kwenye K1 na uivute hadi K6:

```
=LEN(A1)-LEN(SUBSTITUTE(A1,"|",""))
```

Inahesabu herufi zote za mstari, kisha inatoa idadi ya herufi zilizobaki baada ya kuondoa vipau. Zote zikitoa 8, endelea. Ukiona 9, kuna mtu ameandika kipau ndani ya Maelezo, na kipau hicho kingesukuma kinachokifuata safu moja kulia. Ukiona 7, kipau kimefutwa mahali. Rekebisha mstari huo peke yake, kisha futa fomula.

Ukiona 0 kila mahali ilhali vipau unaviona kwa macho, basi si vipau. Baadhi ya programu huchora majedwali kwa herufi maalumu za michoro, "│" na "─", ambazo hufanana mno na "|" na "-" lakini kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Kipau cha kawaida kimo katika orodha ya ASCII, kikiwa na namba 124. Zile za michoro hazimo. Nakili kila aina ya herufi hizo kutoka kwenye faili lako, ibandike kwenye dirisha la kutafuta, na uibadilishe kuwa kipau au kistari cha kawaida kabla ya hatua nyingine yoyote. Mchoro wa Notepad++ tuliouona juu nao hautazikamata hadi ufanye hivyo.

Kukata safu

Chagua seli A1 hadi A6, nenda `Data`, kisha `Text to Columns`. Hakikisha safu za kulia hazina kitu, maana vipande vitamwagika huko.

Katika hatua ya kwanza chagua `Delimited`. Katika ya pili ondoa alama kwenye `Tab`, weka alama kwenye `Other`, na uandike kipau kwenye kisanduku chake. Hakikisha `Treat consecutive delimiters as one` haina alama. Tulipoondoa nafasi na vistari, seli tupu ziligeuka vipau viwili vilivyoshikana. Ukiiruhusu Excel ivihesabu kuwa kimoja, chumba 1-3 kisicho na bili ya maji kitavuta malipo yake ya 4,500 yaingie kwenye safu ya Maji, na tarehe iingie kwenye Lipwa. Hakuna onyo litakalotokea. Utaona tu kwamba mpangaji mmoja ametumia maji ya shilingi elfu nne na mia tano.

Hatua ya tatu ndiyo ambayo wengi huiruka kwa kubonyeza `Finish` mapema, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Hapa unabofya safu moja moja na kusema ni ya aina gani.

Safu ya kwanza kabisa ni tupu, imetokana na kipau cha mwanzo. Ipe `Do not import column (skip)`. Fanya vivyo hivyo kwa ya mwisho kama inaonekana. Chumba ipe `Text`. Ukiiacha `General`, Excel itaisoma 1-1 kuwa tarehe mosi Januari na 2-1 kuwa tarehe ya mwezi Januari au Februari, kutegemea mpangilio wa kompyuta. Na ubaya wake ni kwamba kosa hilo halirudi nyuma. Ukijaribu baadaye kuigeuza seli hiyo kuwa maandishi hutapata "1-1", bali namba ya siku ambayo Excel huhesabu tangu mwaka 1900. Kwa tarehe 1 Januari 2024 namba hiyo ni 45292. Namba ya chumba imekwisha kupotea.

Mita nayo ipe `Text`, la sivyo 00417 itakuwa 417. Ndivyo inavyokuwa pia kwa namba za simu zinazoanza na sifuri na namba za vitambulisho. Kanuni rahisi ni kwamba namba usiyoweza kuijumlisha ikaleta maana, hiyo ni maandishi. Hakuna anayejumlisha mita ya kwanza na ya pili.

Kodi, Maji na Lipwa ziache `General` ziwe namba. Tarehe ipe `Date` na uchague `DMY`, yaani siku, mwezi, mwaka. Maelezo ipe `Text`. Sasa bonyeza `Finish`.

Kwenye LibreOffice Calc mambo ni hayohayo, ila dirisha hufunguka lenyewe unapobandika maandishi. Weka kipau kwenye `Other`, ondoa alama kwenye `Merge delimiters`, kisha bofya vichwa vya safu vilivyo chini na uchague `Text`, `Date (DMY)`, au `Hide` kwa safu tupu ya mwanzo. Google Sheets ina `Split text to columns`, lakini haikuulizi aina ya safu. Hukisia yenyewe, hivyo kwa jedwali lenye vyumba vya aina ya 1-1 na mita zinazoanza na sifuri, ni afadhali ukate kwingine kisha upandishe faili lililo tayari.

Tarehe zinazodanganya kwa utulivu

Inafaa kueleza kwa nini tarehe zimepewa amri ya `DMY` hata kama kompyuta inaonekana sawa. Kompyuta nyingine, hasa zile zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, hubaki na mpangilio wa Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Kwenye kompyuta kama hiyo, safu ya tarehe ikiachwa `General`, 03/05/2024 ya chumba 1-1 itakuwa tarehe 5 Machi, na 02/05/2024 ya chumba 2-1 itakuwa tarehe 5 Februari. Ile ya chumba 1-3, 13/05/2024, haiwezi kuwa tarehe kwa hesabu ya Kimarekani, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, hivyo itabaki maandishi. Na ya chumba 1-2, 05/05/2024, itaonekana sawa kwa bahati.

Kwa hiyo safu moja itakuwa na hali tatu: zilizogeuka, iliyobaki neno, na iliyo sawa. Dalili ya haraka ni upande ambao maandishi yameegemea. Tarehe na namba za kweli huegemea kulia mwa seli zisipokuwa zimepangwa vingine, na maandishi huegemea kushoto. Ukiona safu ya tarehe ambayo baadhi zimekwenda kulia na nyingine kushoto, simama hapo. Kipimo cha uhakika ni fomula hii pembeni, tukichukua kwamba tarehe ziko safu F:

```
=MONTH(F2)
```

Kwa kuwa hesabu ni za Mei, kila mstari wenye tarehe unapaswa kutoa 5. Ukiona 3 au 2, tarehe imepinduka. Ukiona `#VALUE!`, bado ni neno. Njia iliyo safi ni kurudi kwenye maandishi na kukata upya kwa `DMY`, badala ya kuhariri tarehe moja moja.

Seli tupu si lazima iwe sifuri

Jedwali la awali lilikuwa na vistari vitatu, na vyote vilionekana sawa. Havikuwa na maana moja. Kwa chumba 2-2, kistari cha Lipwa kilimaanisha hajalipa kitu, kwa hiyo andika 0. Kistari cha Tarehe kilimaanisha hakuna malipo, kwa hiyo hakuna tarehe, acha tupu. Kwa chumba 1-3, kistari cha Maji kilimaanisha mita ni mbovu na matumizi hayajulikani. Hapo usiweke sifuri. Sifuri itasema mpangaji hakutumia maji, na siku mkitafuta wastani wa matumizi ya maji, sifuri hiyo itaushusha. Acha tupu, na Maelezo yabaki yakieleza sababu. Uamuzi huu hauwezi kufanywa na programu yoyote, bali na mtu anayeijua ploti.

Kwa nini tuliondoa vistari badala ya kuviacha? `SUM` hupita juu ya maandishi bila kulalamika, hivyo jumla ingetoka sawa na ungeamini mambo ni shwari. Lakini fomula inayojumlisha seli kwa alama ya `+` ikikutana na kistari hutoa `#VALUE!`. Seli iliyo tupu kweli huhesabiwa kuwa sifuri katika fomula hiyo, bila kuiharibu.

Sasa lifanye jedwali la kweli

Hadi hapa una safu zilizopangika, bado si jedwali mbele ya Excel. Ongeza safu moja mwanzoni, uiite Mwezi, na uandike 2024-05-01 kwenye mistari yote mitano. Safu hii ndiyo itakayokuwezesha kubandika Juni chini ya Mei na Julai chini ya Juni, katika karatasi moja, badala ya kufungua karatasi kumi na mbili zisizoweza kuulizwa swali kwa pamoja.

Bofya seli yoyote ndani ya data, bonyeza `Ctrl+T`, na uache alama kwenye `My table has headers`. Kwenye `Table Design` lipe jina, kwa mfano KodiPloti. Kisha kwenye safu ya kwanza iliyo wazi upande wa kulia andika kichwa Deni, na chini yake fomula hii:

```
=[@Kodi]+[@Maji]-[@Lipwa]
```

Itajaa yenyewe hadi chini, na kila mstari mpya utakaoongeza utaipata bila kuvuta. Deni la chumba 1-2 litatoka 1,950, la 2-2 litatoka 5,600, na mengine sifuri. Kwenye Calc unaweza kutumia `AutoFilter` kwa kuchuja, na fomula ya kawaida iliyovutwa chini. Hapo kumbuka kuivuta kila ukiongeza mwezi.

Washa `Total Row` kwa `Ctrl+Shift+T`, uweke jumla kwenye Kodi, Maji, Lipwa na Deni. Sasa rudi kwenye ile karatasi uliyoandika mwanzoni. Kodi 23,500, maji 1,600, zilizolipwa 17,550, vyumba vitano. Deni lote liwe 7,550, ambalo ni 23,500 na 1,600 ukitoa 17,550. Zikilingana zote, hamisho ni salama. Jumla ikiwa pungufu kwa kiasi kilekile cha seli moja, tafuta seli hiyo: bila shaka imeegemea kushoto, yaani imebaki neno. Mara nyingi chanzo ni nafasi isiyoonekana iliyokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa mtandaoni au barua pepe, herufi namba 160, ambayo `TRIM` peke yake haiondoi. Hii huiondoa na kurudisha namba, tukichukua kwamba seli yenye shida ni D3:

```
=VALUE(TRIM(SUBSTITUTE(D3,CHAR(160)," ")))
```

Kama jumla haikulingana hata baada ya hapo, usikimbilie kuilaumu lahajedwali. Inawezekana JUMLA ya kwenye Notepad ilipigwa kwa kikokotoo na kukosewa. Jumlisha safu kwa mkono mara moja ujue nani mkweli.

Jedwali lisilo na vipau

Kuna majedwali yasiyo na vipau, yenye safu zilizonyooshwa kwa nafasi tu na mstari wa vistari chini ya vichwa. Hapo ushauri wa kufuta vistari unageuka. Usivifute mapema, kwa sababu kila fungu la vistari linaonyesha safu inaanzia na kuishia wapi. Wala usikate kwa nafasi, maana "salio atalipa" itakuwa safu mbili. Ipe safu A muundo wa `Text` kabla ya kubandika, ili Excel isiuchukue mstari wa vistari kuwa fomula. Kwa njia hiyo vistari havitasogea.

Kwenye `Text to Columns` chagua `Fixed width` badala ya `Delimited`, kisha bofya kwenye rula mahali fungu moja la vistari linapoishia na jingine kuanza. Hatua ya tatu ni ileile. Ukimaliza, futa mstari wa vistari, kisha usafishe nafasi kwa `TRIM`. Njia hii inategemea kila herufi kuwa na upana mmoja, kwa hiyo lisome jedwali kwanza kwa fonti kama Courier New au Consolas. Ikiwa safu hazinyooki hata kwa fonti hizo, basi mchoraji alichanganya nafasi na kitufe cha Tab, na itabidi uzinyooshe kwa mkono kabla ya kukata.

Kwa nini safu zibaki tofauti

Mtu akishafika hapa hushawishika kuunganisha Kodi na Maji kuwa safu moja ya "anachodaiwa". Asifanye hivyo. Nchini Kenya ushuru wa mapato ya kodi za nyumba za kuishi humhusu mwenye nyumba anayepokea zaidi ya shilingi 288,000 lakini si zaidi ya milioni 15 kwa mwaka. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi anayopokea kabla ya kutoa gharama, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ploti yetu ina kodi ya 23,500 kwa mwezi, sawa na 282,000 kwa mwaka, chini kidogo ya kiwango hicho kama mwenyewe hana nyumba nyingine. Ukichanganya maji ndani yake utapata 25,100 kwa mwezi na 301,200 kwa mwaka, juu ya kiwango. Safu moja iliyounganishwa ingemfanya mwenye ploti ajione yuko upande usio wake, na hangeweza kuitenganisha tena bila kurudi kwenye maandishi ya awali.

Ukiwa na mafaili ya miezi iliyopita, hamisha moja kwa wakati, na kila moja lipite kwenye jumla yake kabla ya kushika linalofuata. Kuanzia mwezi ujao andika moja kwa moja ndani ya KodiPloti. Mwenye ploti akitaka kuendelea kupokea jedwali kwa WhatsApp, chuja mwezi husika na umtumie picha ya skrini au faili la PDF, maana lahajedwali yenyewe inabaki ilivyo.